Sauti ya mtu au sauti ya kompyuta? Kuchagua kwa ujumbe wa simu wenye hela na majina ya kampuni

Tuanze na ujumbe wenyewe. Mamlaka ya maji ya mji mmoja ina wateja 4,000, na kila mwezi inataka kumpigia kila mmoja simu ya kujiendesha inayosema hivi:

"Habari. Hii ni taarifa kutoka mamlaka ya maji. Deni lako hadi mwisho wa Juni ni Sh 47,350/=. Lipa kabla ya tarehe 15 Julai kwa M-Pesa au katika tawi lolote la CRDB. Namba ya malipo tumekutumia kwa meseji."

Ukiisoma kwa macho huoni tatizo. Ipe mashine iisome na matatizo yanajitokeza matatu: kiasi cha fedha, jina la M-Pesa na jina la CRDB. Umpe mtu aisome studio, ataisoma vizuri kabisa, lakini hawezi kuisoma mara 4,000 kwa viasi 4,000 tofauti. Hapo ndipo uchaguzi ulipo.

Kinachobadilika ndicho kinachoamua

Watu wengi huanza kwa kusikiliza sampuli na kuuliza sauti ipi ni tamu zaidi. Swali hilo lisubiri. Kwanza chukua kalamu, upige mstari chini ya kila neno ambalo mteja mmoja atalisikia tofauti na mwenzake. Kwenye ujumbe wetu ni kiasi cha deni peke yake. Mwezi na tarehe ya mwisho hubadilika, ndiyo, lakini kwa mwezi mmoja wateja wote wanasikia kitu kilekile, kwa hiyo vinaweza kurekodiwa vyote vya mwaka mzima kwa mara moja.

| Kinachobadilika | Sauti ya mtu | Sauti ya kompyuta |
|---|---|---|
| Hakuna | Rekodi sentensi nzima, kazi imeisha | Haina faida, isipokuwa ujumbe unabadilishwa kila wiki |
| Fedha na tarehe tu | Vipande vilivyokatwa na kuunganishwa, takriban 120 | Inafaa, mradi namba ziandikwe kwa maneno |
| Majina ya watu, mitaa, vijiji | Haiwezekani kiutendaji | Ndiyo njia pekee |
| Maelezo huru, kama sababu ya maji kukatika leo | Msomaji awe karibu kila siku | Inafaa, lakini mtu asikilize kabla ya kutumwa |

Mstari wa pili ndio wenye ubishi, na ndio ujumbe wetu. Njia zote mbili zinawezekana, kwa hiyo tuzitazame moja moja.

Sauti ya mtu: vipande 121

Kiswahili ni rahisi kukata vipande kuliko lugha nyingi, kwa sababu shilingi iko kwenye ngeli ambayo namba hazibadiliki umbo: shilingi mbili, shilingi tatu, shilingi nane. Hakuna wawili, viwili wala miwili. Seti moja ya namba inatosha.

Kwa viasi vya kuanzia shilingi 1 hadi 999,999 unahitaji moja hadi tisa, yaani 9. "Na moja" hadi "na tisa", 9. Kumi hadi tisini, 9. "Na kumi" hadi "na tisini", 9. Na "mia moja" hadi "mia tisa", 9. Hivyo ni 45. Kila kimoja kirekodiwe kwa toni mbili: ya katikati ya kiasi, ambapo sauti inabaki juu ikisubiri kinachofuata, na ya mwisho, ambapo inashuka. Vinakuwa 90. Ongeza "elfu", "laki" na "na shilingi", ambavyo huwa katikati daima, upate 93. Miezi 12 ya "mwisho wa Januari" na kuendelea, tarehe za mwisho 12, na vipande vinne vya sentensi isiyobadilika. Jumla 121. Msomaji mzoefu huvimaliza ndani ya siku moja.

Kinachoharibu kazi hii ni kumpa msomaji orodha. Mtu akisoma "moja, mbili, tatu" sauti yake inaingia kwenye wimbo wa kuhesabu, na ukija kuunganisha, deni linasikika kama darasa la kwanza. Mpe sentensi kamili, "Deni lako ni shilingi elfu arobaini na saba, mia tatu na hamsini," kisha ukate kutoka humo. "Na" usiikate peke yake. Ni silabi fupi inayoshikamana na neno linalofuata, na ukiitenga utasikia pengo kila inapotokea. Ndiyo maana orodha yetu ina "na hamsini" kama kipande kimoja.

Kiasi cha 47,350 kinaunganishwa hivi: "elfu", "arobaini" ya katikati, "na saba" ya katikati, kimya cha robo sekunde, "mia tatu" ya katikati, "na hamsini" ya mwisho. Ukiweka "na saba" ya mwisho mahali pale, msikilizaji anadhani kiasi kimeisha. Wengine hukata simu hapo hapo na kwenda kulipa 47,000.

Udhaifu mkubwa wa njia hii huja mwaka wa pili. Mamlaka inaongeza njia mpya ya malipo, inahitaji kipande kimoja tu, na msomaji amehama au ana mafua. Hata akipatikana, chumba kingine na umbali mwingine wa maikrofoni husikika. Mkataba useme wazi kwamba atarudi kwa marekebisho, na siku ya kurekodi andika aina ya maikrofoni, umbali wake kwa sentimita, na uhifadhi faili asilia kabla ya kuzishusha ubora kwa ajili ya simu. Sema pia kwenye mkataba kama sauti yake inaweza kutumika kufundishia sauti ya kompyuta au la. Hilo ni jambo tofauti na kurekodi, na lina bei yake.

Sauti ya kompyuta: zipo zipi

Kwa huduma ya kulipia mtandaoni, Microsoft ina sauti nne za Kiswahili: `sw-TZ-RehemaNeural` na `sw-TZ-DaudiNeural` za Tanzania, `sw-KE-ZuriNeural` na `sw-KE-RafikiNeural` za Kenya. Usichukue ya Kenya kwa wateja wa Tanga, wala ya Tanzania kwa wateja wa Eldoret, kwa kuwa tu umeizoea. Wasikilizaji husikia lafudhi ndani ya sekunde mbili, na kwa simu inayodai hela, lafudhi ngeni hufanana na utapeli.

Kwa kuendesha kwenye kompyuta yako bila mtandao ipo modeli ya sauti iitwayo `facebook/mms-tts-swh`. Leseni yake ni CC BY-NC 4.0, yaani hairuhusu matumizi ya kibiashara, na herufi isiyo kwenye orodha yake huiruka kimya kimya bila kukuonya. Namba ya tarakimu usiipe kabisa. Piper, programu nyingine ya kusoma bila mtandao, nayo ina sauti `sw_CD-lanfrica-medium`, ya Kiswahili cha Kongo. Ni nyepesi kiasi cha kuendeshwa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, lakini ni ya Lubumbashi na Goma kuliko Dodoma.

Sauti yoyote utakayoijaribu, ipe kwanza maneno haya: mtu, mbwa, nchi, Mtwara, ng'ombe, dhahabu, ghorofa, thelathini. Sauti mbovu huingiza irabu na kusema "mutu", au hugeuza ghorofa kuwa "gorofa". Kisha ipe "barabara hii ni mbovu" na "umefanya barabara". Neno la kwanza mkazo uko kwenye silabi ya tatu, la pili kwenye ya pili. Karibu mashine zote hukosea la pili, kwa hiyo dawa ni kulikwepa kwenye skripti: andika "sawasawa".

Angalia pia kikato cha ng'. Ukiandika kwenye Word, alama hiyo hupindwa na kuwa ’ badala ya '. Kwa macho ni kitu kimoja. Baadhi ya mashine huiona kama alama ya kufunga nukuu, na Chang'ombe inavunjika vipande viwili. Badilisha zote ziwe za kunyooka kabla ya kutuma.

Kiasi cha fedha: hapa ndipo penye kazi

Ukiacha "Sh 47,350/=" kama ilivyo, mkato unaweza kusomwa kama mapumziko, ukasikia namba mbili, arobaini na saba halafu mia tatu hamsini, bila elfu. "Sh" inaweza kuwa sauti ya kunyamazisha mtoto. "/=" inaweza kusomwa kwa majina ya alama zake. Kuondoa mkato na kuandika 47350 husaidia kidogo tu, kwa sababu mashine itaamua yenyewe namna ya kuitaja, na uamuzi wake unaweza kubadilika watengenezaji wakisasisha sauti. Andika kwa maneno.

Lakini hata maneno yana mtego, na huu ni wa Kiswahili chenyewe. "Elfu arobaini na saba" ni 47,000 au 40,007? Zote mbili ni sahihi. "Elfu mia mbili" ni 200,000, au ni 1,200 iliyosemwa kwa haraka? Sokoni watu huelewana kwa sababu wanaiona bidhaa. Kwenye simu mteja haoni kitu. Kanuni tatu zinaondoa utata huu. Laki itumike kuanzia 100,000, ili "elfu mia" isitokee kamwe. "Elfu moja" isifupishwe kuwa "elfu". Na mabaki yaliyo chini ya mia yatanguliwe na "na shilingi": 40,007 iwe "elfu arobaini, na shilingi saba".

Kwa Python kanuni hizo ni hizi:

```python
M = ["", "moja", "mbili", "tatu", "nne", "tano",
     "sita", "saba", "nane", "tisa"]
K = ["", "kumi", "ishirini", "thelathini", "arobaini", "hamsini",
     "sitini", "sabini", "themanini", "tisini"]

def mia(n):
    s = ["mia " + M[n // 100]] if n >= 100 else []
    s += [x for x in (K[n % 100 // 10], M[n % 10]) if x]
    return " na ".join(s)

def kiasi(n):          # 1 hadi 999999
    laki, n = divmod(n, 100000)
    elfu, n = divmod(n, 1000)
    s = []
    if laki: s.append("laki " + M[laki])
    if elfu: s.append("elfu " + mia(elfu))
    if n:
        s.append(("na shilingi " if s and n < 100 else "") + mia(n))
    return ", ".join(s)
```

`kiasi(47350)` inatoa "elfu arobaini na saba, mia tatu na hamsini". `kiasi(201200)` inatoa "laki mbili, elfu moja, mia mbili". Mkato baada ya elfu si pambo, ndio unaomwambia msikilizaji kwamba maelfu yameisha. Kama sauti haipumziki vya kutosha kwenye mkato, ubadilishe uwe `<break time="250ms"/>`. Mteja mwenye deni la sifuri asipigiwe simu kabisa, maana hapo msimbo huu unarudisha maandishi matupu na atasikia "Deni lako ni shilingi", kisha kimya.

Ngeli ni hatari nyingine. Ukiandika "deni la miezi 2", mashine nyingi husema "miezi mbili". Namba zinazobadilika ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane, hata zikiwa mwishoni mwa namba kubwa: wateja ishirini na wawili. Kuandika programu inayofuata ngeli zote kunawezekana, lakini njia ya mkato ni kuchagua maneno ambayo namba haigeuki mbele yake: siku, shilingi, lita, dakika, yuniti. "Deni la siku sitini" halimkosei mtu.

Tarehe na saa hazichukui muda. 15/07 iwe "tarehe kumi na tano Julai", siku ya kwanza iwe "tarehe mosi". 14:00 iandikwe "saa nane mchana", maana mashine haijui saa yetu na itasema kumi na nne. Asilimia itangulie namba: "asilimia kumi na nane".

Majina ya kampuni: tahajia mbili kwa kila jina

Jina lina tahajia ya macho na tahajia ya sikio. Ya macho ni mali ya kampuni na haiguswi kwenye meseji wala bango. Ya sikio ni yako, haionwi na mtu, na kazi yake ni kuifanya mashine itamke kama watu wanavyotamka.

M-Pesa ndiyo mfano mzuri. Ukiandika "Mpesa", kanuni ya Kiswahili inaifanya m iwe silabi yenyewe, kama kwenye mpera, na hakuna anayesema hivyo mtaani. Andika "Empesa". Majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa yana shida ya aina mbili zinazopingana: LUKU na TANESCO husomwa kama maneno, lakini mashine inaweza kuzitaja herufi moja moja, na CRDB hutajwa herufi moja moja, lakini mashine inaweza kujaribu kuisoma kama neno na kukwama. Herufi c, q na x hazina sauti ya peke yake katika Kiswahili, kwa hiyo popote zilipo, zibadilishe.

| Kwa macho | Kwa sikio |
|---|---|
| M-Pesa | Empesa |
| Mixx by Yas | Miksi bai Yasi |
| Airtel Money | Eateli Mani |
| LUKU | Luku |
| TANESCO | Tanesko |
| CRDB | si, ara, di, bi |
| WhatsApp | Watsapu |

Kuna gharama ya kuongeza irabu mwishoni. Mkazo wa Kiswahili huenda silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukiongeza silabi moja unausogeza mkazo wote. "Eatel" na "Eateli" hazipigwi mahali pamoja. Jaribu zote mbili, sikiliza ipi inafanana na kondakta wa daladala anavyoitaja, uchukue hiyo. Idara ya matangazo ya kampuni inaweza kulalamika kwamba jina limeswahilishwa mno. Wape simu wasikilize, usiwaonyeshe maandishi.

Usibadilishe sauti katikati ya sentensi kwa ajili ya jina la Kiingereza. Jina litatoka safi, ila msikilizaji atasikia mtu wa pili amedakia.

Ili tahajia mbili zisichanganyike, weka jedwali kwenye faili moja na ubadilishe maneno kabla ya kutuma, au tumia alama hii, ambayo inahifadhi yote mawili:

```xml
<speak version="1.0" xmlns="http://www.w3.org/2001/10/synthesis"
       xml:lang="sw-TZ">
  <voice name="sw-TZ-RehemaNeural">
    <prosody rate="-8%">
      Lipa kwa <sub alias="Empesa">M-Pesa</sub>.
    </prosody>
  </voice>
</speak>
```

Kasi imepunguzwa kwa asilimia nane kwa makusudi. Sauti hizi hukimbia kidogo kwa mtu anayetafuta kalamu.

Namba ya malipo ya Serikali ya Tanzania ina tarakimu 12. Usiisome kwa sauti, iwe ya mtu au ya kompyuta, kama unaweza kuituma kwa meseji. Ikilazimu, igawe nne nne, tarakimu moja moja, kimya cha nusu sekunde kati ya makundi, kisha irudiwe.

Gharama

Huduma za mtandaoni hutoza kwa herufi, na kwa Microsoft alama kama `<break>` na `<sub>` nazo huhesabiwa. Kiasi chetu kina herufi sita kikiwa tarakimu na zaidi ya 40 kikiwa maneno. Ujumbe mzima ni kama herufi 260, hivyo kwa wateja 4,000 ni zaidi ya milioni moja kila mwezi. Lakini sehemu isiyobadilika ikitengenezwa mara moja na kuhifadhiwa, kinachobaki ni sentensi ya deni, kama herufi 85 kwa mteja, yaani 340,000. Sauti ni ileile, kiungo hakisikiki ukikiweka mahali penye nukta.

Kuchanganya sauti ya mtu kwa sentensi na ya kompyuta kwa kiasi, ndani ya sentensi moja, ndiyo njia mbaya kuliko zote. Msikilizaji anahisi hela imebandikwa.

Jaribu kwa simu, si kwa spika

Laini ya kawaida ya simu huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde na kupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400. Sauti za s na th zina nguvu nyingi juu ya hapo, na zote hukatwa. Ndiyo maana sitini na tisini hufanana, na thelathini na themanini hufanana. Nne nayo hupotea pembeni ya nane. Kwenye spika za ofisini husikii lolote kati ya haya.

Tafuta watu kumi wasiohusika na mradi, wakiwemo wazee na wenye simu za vitufe. Wapigie simu halisi, kila mmoja asikie viasi sita na kuviandika: 60,430, 90,830, 34,080, 88,060, 40,007 na 201,200. Unapata majibu 60. Wapigie tena kwa sauti ya pili, baada ya kubadilisha mpangilio wa viasi. Makosa yakizidi mawili kati ya 60, usiisambaze sauti hiyo. Angalia kwanza ni kiasi kipi kimekosewa: ikiwa ni 40,007 tatizo ni skripti, ikiwa ni 60,430 na 90,830 tatizo ni sauti au kasi, na kurudia kiasi mara mbili mara nyingi huliondoa.

Kwa ujumbe huu wa maji, wenye kiasi kimoja tu kinachobadilika na sentensi itakayokaa mwaka mzima, tungechukua vipande 121 vya msomaji wa mji huohuo. Siku mamlaka itakapotaka kutaja jina la mteja au mtaa uliokatiwa maji, ihamishie ujumbe wote kwenye sauti ya kompyuta, na jedwali la majina liwe limeanza kujazwa tangu leo.